Slaidi Hazikufunguka, Imeli Zikafunguka

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, ni mimi. Yule "dada wa ofisi ya trela" ambaye Redio anamsimulia tangu juzi kwenye kila grupu la wasapu alilomo, kuanzia la harusi ya binamu yake mpaka la wazazi wa madrasa, ni mimi huyu huyu. Redio ni karani wetu wa stakabadhi za forodha, na jina hilo alipewa kazini kwa sababu hazimiki. Toleo lake lina uongo wa wazi. Mimi sikuzimia. Na bosi hakutorokea dirishani, alitorokea mlango wa jikoni. Yaliyobaki, wallahi, ni kweli, ila Redio hajafika hata kwenye utamu wenyewe, kwa sababu wakati yanatendeka alikuwa nyuma ya ukumbi anapigania mahamri. Basi nipeni nafasi nijianike mwenyewe kuliko kuanikwa na mtu ambaye hakuona vizuri.

Kampuni yetu mnaijua, na msiitaje hapo chini tafadhali, bado nataka mshahara wa mwisho wa mwezi. Tunatoa makontena bandarini na kuyapeleka bara: Malaba, Busia, na kwingine kote trela inakofika. Mwaka huu bosi aliamua siku ya wafanyakazi isiwe ya biriani na hotuba yake peke yake. Alitaka mtaalamu kutoka nje, "mtu mwenye jina," aje azungumze na madereva kuhusu uchovu na usingizi barabarani. Wazo zuri, sikatai. Kazi ya kumwalika mtaalamu nikakabidhiwa mimi, ambaye cheo changu ni utawala, yaani kila kitu ambacho hakina mwenyewe.

Nikampata Daktari mmoja Nairobi, bingwa wa afya za wafanyakazi, mwanamama mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Nikamwandikia mwaliko mtamu mno. Nilimsifu, nikaisifu Mombasa, nikamtajia mpaka upepo wa bahari. Mwisho nikaandika kwamba "kampuni itakupa shukrani inayostahili." Nilijiona mwandishi hasa. Daktari akajibu kwa mistari miwili ya salamu na maswali saba.

Alitaka kujua ni tarehe gani na saa ngapi, maana mwaliko wangu ulisema tu "mwanzoni mwa Juni." Alitaka kujua watakaomsikiliza ni wangapi, ni madereva watupu au na watu wa ofisini, na Kiswahili chao ni cha shule au cha barabarani, kwa sababu mhadhara wa madereva ishirini na ule wa watu sitini si mhadhara mmoja. Akauliza watakuwa wametoka zamu saa ngapi. Akauliza dereva wetu hukaa usukanini saa ngapi kwa siku. Akauliza ukumbi una projekta ya waya gani. Akauliza nani analipa nauli na malazi. Halafu swali la saba: "Hiyo shukrani ni shilingi ngapi, na ni kabla ya kodi au baada?"

Wapendwa, mimi sikuwa na jibu hata la swali moja. Nikafanya ambalo kila mtu wa ofisini hufanya: nikamsambazia bosi imeli nzima, nikaongeza na mhasibu, tukaanza kujibizana humo humo. Bosi hujibu kwa simu akiwa garini, na akiandika hujisahau, huandika kama anavyosema. Ule uzi wa imeli ukarefuka. Kila nilipopata uamuzi kwa bosi, nikaupaka sukari, nikampelekea Daktari peke yake. Yeye alikuwa anaona sukari tu. Chumvi yote ilibaki kwangu, imekunjwa vizuri chini ya kichwa kimoja cha habari: MWALIKO WA MTAALAMU.

Suala la tarehe lilituchukua siku kadhaa. Daktari alikuwa na nafasi Ijumaa tarehe 6 Juni. Nikamweleza kwa adabu kwamba wiki hiyo huku kwetu ni Idi ya kuchinja, na hata kama isingekuwa Idi, ukiwaweka madereva wa Mombasa ukumbini siku ya Ijumaa, ikifika saa sita unabaki na viti na maiki. Tukakubaliana Jumamosi tarehe 14, saa tatu asubuhi, mhadhara wa saa moja na nusu na maswali juu yake. Sababu ya Daktari kukubali Jumamosi ilikuwa Idi. Sababu ya bosi kuitaka Jumamosi ilikuwa nyingine, mtaisoma mbele, kama walivyoisoma watu wengine wote.

Ada ndiyo ilikuwa vita. Daktari alitaja 120,000 kwa nusu siku, nauli na malazi mbali. Bosi akasema 60,000 na chakula cha mchana. Tukapanda, tukashuka, tukatua 80,000, nusu ilipwe siku saba kabla ya shughuli. Mimi nikashangilia, mhasibu akanimwagia maji. Mtaalamu mkazi wa Kenya akilipwa ada kama hiyo, kampuni lazima ikate kodi ya asilimia 5 na kuipeleka kwa watoza kodi wa KRA ndani ya siku 5 za kazi. Kwa hivyo ukimwandikia 80,000 bila maelezo, atapokea 76,000, na hizo 4,000 atadhani umezila wewe. Daktari naye alishasema wazi kwamba 80,000 ni ya kumfikia mkononi. Basi hesabu hugeuzwa: 80,000 unaigawa kwa 0.95, unapata 84,210 na senti. Hiyo ndiyo ada inayoandikwa kwenye makubaliano na kwenye ankara yake ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA. Mhasibu akayaandika hayo yote kwenye imeli, pamoja na PIN na mengineyo, na ikawa ndiyo imeli ya mwisho kwenye ule uzi. Ya juu kabisa. Iwekeni akilini hiyo.

Haya. Jumamosi.

Ukumbi ulikuwa upande wa Tudor, mkubwa, wenye mapangaboi yanayolia. Daktari alifika na begi dogo, kitambaa kichwani, tabasamu. Alikuja na laptopu yake nyembamba ya kisasa ambayo haina tundu la HDMI, na kile kiunganishi chake kidogo alikuwa amekisahau Nairobi mezani. Waya wa ukumbi ulikuwa HDMI. Si nilikuwa nimemjibu swali la tano? Nilimjibu, "Projekta ipo, nzuri sana." Akaniambia taratibu, "Usijali mwanangu, slaidi nilikutumia kwa imeli Alhamisi. Tutatumia laptopu yako."

Laptopu yangu ni nzee lakini ina kila tundu. Nikaiweka kwenye meza ya mbele, mgongo wangu kwa pazia la kuonyeshea na kwa watu, uso wangu kwa ukuta wa pembeni. Fundi wa ukumbi akachomeka waya. Nikageuka nikaangalia pazia: jeupe, tupu. Nikamuuliza fundi kama tayari. "Bado, dada, subiri taa ipate moto." Nikasema vyema, basi acha niitafute hiyo imeli mapema, projekta ikiwaka tu, slaidi ziko hewani.

Miwani nilikuwa nimeiacha ofisini. Mnaonijua mnajua bila miwani mimi nasoma kwa kunusa. Kwa hivyo nikayakuza maandishi, Ctrl na alama ya kujumlisha, Ctrl na kujumlisha, mpaka nikaona raha. Nikaandika "mwaliko" kwenye kisanduku cha kutafuta. Ukatoka ule uzi. Nikaufungua.

Nyuma yangu wamekaa madereva na utingo 58, wamevaa mashati ya sikukuu. Bosi mstari wa mbele, mguu juu ya mguu. Daktari kasimama pembeni mwa pazia na maiki mkononi, anangoja.

Mtu wa kwanza kusoma alikuwa Mzee. Mzee ndiye dereva wetu mkongwe, na akisoma hasomi kimoyomoyo, husoma kwa kidole na kwa sauti, kama mwanafunzi wa chuoni mbele ya maalimu. Nikasikia nyuma yangu: "E-lfu the-manini na nne... mia mbili na kumi."

Nikadhani anasoma risiti yake ya mafuta. Sikugeuka.

Kukanyamaza kidogo, halafu sauti nyingine ikauliza, "Kwa saa moja na nusu?"

Hapo ningegeuka, haya yangeishia hapo. Lakini nilikuwa namsaka Daktari kwenye uzi, natafuta ile alama ndogo ya kibanio cha karatasi inayoonyesha kuna kitu kimeambatishwa. Haikuwepo. Nikashuka chini. Nyinyi mnajua, kama sikujua mimi, kwamba Jimeili haibebi kiambatisho kinachozidi MB 25. Faili likiwa zito hulipeleka Drive lenyewe, na mpokeaji huletewa kiungo tu. Slaidi za Daktari zilikuwa na picha na video za watu wanaosinzia, nzito ajabu. Na kingine: aliituma kwenye imeli mpya kabisa yenye kichwa "SLAIDI." Mimi nilikuwa natafuta kibanio ambacho hakipo, kwenye uzi ambao sio. Nafungua imeli moja baada ya nyingine. Kwa utaratibu. Kwa herufi kubwa.

Ikafunguka ya nauli. Bosi ameandika: "Mkatie behewa la kawaida, 1,500. Hilo la 4,500 la nini? Gari moshi ni moja, wote watafika Miritini pamoja."

Kicheko kikapasuka. Mimi nikatabasamu ukutani. Nilidhani mshereheshaji kashaanza vichekesho vyake. Sikujua kwamba Daktari, ambaye jana yake alipanda gari la saa tisa mchana na kukaa njia nzima magoti yake yakigusana na ya mtu mwenye kuku wa kuchoma, ndio kwanza anaijua sababu. Nilikuwa nimemwambia nafasi za daraja la kwanza zilikwisha. Sukari ile niliyowaambia.

Nikashuka tena. Hii ilikuwa ya idadi. Daktari aliwahi kuuliza wasikilizaji ni wangapi, kwa sababu alitaka kuleta fomu za kupimia usingizi, kila mtu yake, na kwa sababu watu wakizidi thelathini yeye huja na msaidizi, na msaidizi naye hulipwa. Bosi: "Mwandikie 25. Wakizidi ni bahati yake, si anapenda watu?" Chini yake tena bosi, kwa hoteli: "Sahani ziwe 40, wengine watakula nyumbani."

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha upande mmoja. Upande wa kulia haukucheka. Upande wa kulia ulikuwa unahesabu. Watu hamsini na wanane, sahani arubaini. Nikasikia viti vikiburuzwa, na baadaye niliambiwa kwamba ni hapo baadhi ya utingo walipoanza kusogea kuelekea kwenye meza ya chakula kwa tahadhari. Ndiyo sababu ya Redio kuwa nyuma. Toleo lake linasema alikwenda kumsaidia mpishi.

Nikashuka tena, jamani, si mnaona mtu anavyojichimbia? Ile ya tarehe. Bosi: "Jumamosi ni nzuri. Siku ya kazi nitawalipa kukaa kwenye viti? Jumamosi ni mapenzi yao wenyewe."

"Mapenzi ya nani?" akauliza mtu. Nikamsikia vizuri. Nikawaza, leo mshereheshaji kachangamka.

Mnaniuliza bosi alikuwa wapi wakati huu wote. Bosi alikuwa anapekua simu yake, anaiandaa hotuba. Aliposikia watu wanacheka alicheka na yeye bila kuinua kichwa, kwa adabu ya mwenyeji. Hili nalo sikuliona, nimesimuliwa, lakini nalithamini sana.

Halafu nikaifungua ambayo nikiikumbuka mpaka sasa natokwa na jasho la mgongo. Ilikuwa ndefu, kwa hivyo nikaishusha polepole. Juu kabisa, maneno ya Daktari: "Dereva wenu hukaa usukanini saa ngapi? Nauliza kwa sababu sheria ya trafiki inaweka ukomo wa saa 8 katika kila saa 24 kwa magari ya biashara, na sitaki kuwahutubia kuhusu jambo wasilolimudu." Mzee akasoma yote, neno kwa neno, ukumbi umetulia tuli, mapangaboi tu. Kisha akasoma jibu la bosi.

"Mwandikie saa 8. Na kipindi cha maswali kiwe kifupi."

Hakucheka mtu.

Mzee akasoma na mstari wa chini yake, kwa sauti ile ile ya chuoni: "Wa-liokesha mizani ya Mariakani wataunganisha moja kwa moja. Si wa-takaa kwenye viti?"

Kutoka mstari wa nne mtu mmoja akakoroma. Kwa kweli, si kwa mzaha. Alikuwa ndiye mmoja wa hao waliounganisha kutoka Mariakani.

Ule ukimya ndio ulionitia wasiwasi. Mshereheshaji hata awe mbovu vipi, hanyamazishi watu namna ile. Nikawaza, ngoja niipate hii imeli haraka niwaokoe. Nikabonyeza iliyofuata. Na iliyofuata, wapendwa, ilikuwa yangu. Niliiandika usiku ule ule nilipopata maswali saba, nimechoka, niko na hasira, nataka bosi anihurumie.

Kwanza nikahisi manukato. Udi, kidogo tu. Mtu kasimama karibu na bega langu la kushoto. Halafu sauti ile ya upole, na maiki iko wazi, ikasoma:

"'Bosi, huyu mama anajiona. Maswali saba kwa porojo za saa moja na nusu. Hivi kulala nako kunahitaji daktari?'"

Akatua. Akarudia neno moja tu, kama mtu anayeonja mchuzi: "Anajiona."

Ndipo nikageuka.

Pazia la ukumbi wa Tudor ni refu kunishinda mara mbili. Lote lilikuwa mimi. Jina langu juu kushoto, picha yangu ya pasipoti ndani ya duara, na maneno yangu, kila herufi kubwa kama mkate wa mofa. Nilimwona Mzee kidole bado kiko hewani. Nilimwona bosi, sasa kainua kichwa, mdomo uko wazi, anaisoma ya kwangu kwa furaha maana bado hajajua kwamba zake zimeshasomwa. Kisha dereva wa nyuma yake akamwinamia sikioni akamnong'oneza kitu, na nikaiona ile furaha ikimtoka usoni kipande kwa kipande.

Mikono yangu ikaenda yenyewe. Nilitaka kufunga ukurasa. Hicho ndicho nilichotaka, shahidi wangu Mungu. Lakini vidole vilikuwa vimezoea Ctrl na alama ya kujumlisha. Nikabonyeza. Maandishi yakakua. Nikabonyeza tena, kwa nguvu. Yakakua. Mpaka likabaki neno moja pazia zima, kutoka ukuta hadi ukuta: ANAJIONA.

Na fundi wa ukumbi, kijana mwema, kutoka kwenye ngazi yake, akapaza sauti:

"Sasa imeshika moto, dada! Iko safi kabisa!"

Basi. Nimesema. Yaliyofuata nayapitia mbio mbio kwa sababu sehemu kubwa niliitumia chini ya meza nikijifanya nachomoa waya, na waya nilishauchomoa zamani.

Bosi alipata simu ya dharura ambayo haikulia, akatorokea jikoni. Slaidi zilipatikana mwishowe, lakini nilipobofya kiungo Drive ikaniambia niombe ruhusa kwa mwenye faili, na mwenye faili alikuwa pale pale ananitazama. Akasema, "Achana nazo, mwanangu." Mwanangu! Baada ya yote yale. Ningependa angenitukana.

Akaacha mhadhara aliouandaa, akavuta kiti, akakaa katikati ya madereva. Fomu zake 25 za kupimia usingizi hazikutosha, kwa hivyo aliziweka pembeni akauliza maswali yake nane kwa mdomo, watu wajibu kwa vidole, sifuri mpaka vitatu. Fomu ile inaitwa Epworth, na ukijumlisha ukapita 10, usingizi wako una walakini. Swali la nane linauliza una uwezekano gani wa kusinzia ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye msongamano. Watu wa Changamwe hawa! Vidole vitatu vilipanda ukumbi mzima, na yule wa mstari wa nne hakupandisha kwa sababu alikuwa bado anakoroma, Daktari akamwandikia tatu mwenyewe. Akawaambia kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliye na pombe ya asilimia 0.05 damuni, na hapo ndipo maswali yalipoanza, na kipindi cha maswali hakikuwa kifupi. Walimweleza saa zao za kweli. Aliandika zote kwenye kidaftari. Mzee alisimama akasema kwamba hiyo 84,210 angekuwa yeye angemwongeza.

Sahani zilikuwa 40. Sitaki kulizungumzia hilo.

Nilimsindikiza Daktari Miritini jioni kwa gari la ofisi. Tulipita daraja la Makupa bila neno. Pale stesheni ndipo aliponiuliza, mpole vile vile, kama bado naona kulala hakuhitaji daktari. Nikasema, "Mama, mimi maisha yangu yote sitalala tena." Akacheka mpaka akaegemea begi lake. Halafu akaenda kupanda daraja la kwanza, tiketi kajikatia mwenyewe.

Jumatatu ofisini: madereva wamelipwa Jumamosi yao kama siku ya kazi, hakuna aliyetoa maelezo na hakuna aliyeomba. Bosi haniongeleshi kwa imeli tena, ananipigia. Mimi naitwa Anajiona, kuanzia lango la yadi mpaka dirisha la mafuta, na hata yule mama wa viazi karai pale nje ananiuliza, "Anajiona, na ukwaju?"

Ankara ya Daktari imeingia leo asubuhi, ndiyo maana nimekaa kuandika. Ya eTIMS, safi, PIN yake, tarehe, hesabu ile ile ya mhasibu bila senti kupotea. Ada ya mhadhara, 84,210.53. Chini yake kaongeza mistari miwili ambayo haikuwemo kwenye makubaliano. Wa kwanza: "Wasikilizaji 33 wa ziada, bure, ni bahati yangu." Wa pili: "Tofauti ya behewa, kuja Mombasa: 3,000."

Nimempelekea bosi mkononi, imechapishwa. Kaisoma, kaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, katia sahihi.